Haibridi Yako Ina Uniti Ngapi?

Kwenye yadi za magari yaliyotumika kutoka Japani, mnunuzi anaweza kukuta Nissan Serena yenye nembo ya S-HYBRID, Toyota Aqua, na Prius ya kuchaji. Zote tatu zinauzwa kwa jina la haibridi, ilhali moja haiwezi kwenda hata mita moja kwa umeme peke yake, ya pili inakwenda kilomita moja au mbili, na ya tatu inaweza kukufikisha kazini na kukurudisha. Anayetaka kujua ananunua nini na aulize betri inabeba uniti ngapi, uniti zilezile tunazonunua kwa LUKU au tokeni.

Serena ya S-HYBRID ni haibridi nyepesi. Mahali pa alternata pamewekwa mota ndogo iliyofungwa kwenye injini kwa mkanda, yenye nguvu ya kilowati 1.8, kama birika la umeme. Betri yake ya ziada ni ya volti 12, ya aina ileile tuliyoizoea, na haifiki hata uniti moja. Kazi yake ni kuiwasha injini upya taa zinaporuhusu na kuisukuma kidogo gari linapoondoka. Kwa kuwa mota inafikisha nguvu kwenye magurudumu kupitia injini, injini ikizimika hakuna safari. Kwa hiyo hata ukiiongezea betri mara kumi, bado haitakwenda kwa umeme peke yake. Magari mengi ya Ulaya yenye mfumo wa volti 48 hufuata njia hiyohiyo, na mafuta yanayookolewa ni kidogo.

Aqua, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2011, ni haibridi kamili. Betri yake, iliyo chini ya kiti cha nyuma, ina takriban uniti 0.9 tu. Hapa tofauti kubwa iko kwenye mota ya kilowati 45, na kwenye seti ya gia zinazoiruhusu injini isimame kabisa huku magurudumu yakizunguka. Tupige hesabu. Gari dogo la aina hii linakwenda kama kilomita sita kwa uniti moja. Kompyuta haikubali betri ijae kabisa wala iishe. Kwa kawaida huiacha icheze kati ya asilimia 40 na 80 ili idumu. Kwa hiyo kinachotumika ni karibu uniti 0.36, yaani kilomita mbili hivi, kwa mwendo wa polepole kwenye barabara tambarare. Ni kidogo, lakini betri hujazwa tena kila unapokanyaga breki, na injini nayo huichaji. Ndiyo maana Aqua haihitaji soketi, na ndiyo maana faida yake huonekana zaidi kwenye foleni kuliko kwenye barabara kuu.

Betri hiyo hupozwa kwa hewa inayovutwa na feni kutoka ndani ya gari, kupitia matundu yaliyo karibu na kiti cha nyuma. Ukiyaziba kwa mizigo, au vumbi likijaa kwenye kichujio, betri hupata joto na seli zake huchoka kwa viwango tofauti. Dalili ni feni kupiga kelele, kipimo cha chaji kupanda na kushuka haraka kupita kawaida, na injini kuwaka mara kwa mara gari likiwa limesimama. Fundi akiunganisha kompyuta anaweza kukuta kodi P0A80. Safisha kichujio kabla hayo hayajafika.

Prius ya kuchaji ya kizazi cha 2017 ina uniti 8.8, karibu mara kumi ya Aqua. Shirika la Mazingira la Marekani liliipima ikaenda kilomita 40 bila kuwasha injini. Anayeishi kilomita 15 kutoka kazini hukamilisha kilomita 30 za siku kwa takriban uniti tano, na kwenye soketi ya nyumbani inayotoa kilowati mbili zitarudi kwa saa mbili na nusu hadi tatu. Milima, kiyoyozi na uzee wa betri hupunguza umbali huo, hivyo omba kuliendesha gari hadi umeme uishe kabla hujalipa. Asiye na mahali pa kuchajia atabeba betri nzito na kupata haibridi kamili tu, kwa bei kubwa zaidi.

Yadini, fungua boneti. Nyaya nene za rangi ya machungwa huonyesha umeme mkubwa wa haibridi kamili au ya kuchaji. Kwenye Serena ya S-HYBRID hutaziona. Ya kuchaji ina kifuniko cha pili, mbali na cha mafuta. Ikija na waya wake wa Japani, soma lebo: ukiandikwa volti 100 pekee, usiuchomeke kwenye umeme wetu wa volti 230 au 240.