Sekunde 180, Watu Wawili, Wiki 22

Katuni ya dakika tatu ina sekunde 180. Ikipita kwenye kioo kwa kasi ya kawaida ya sinema, fremu 24 kila sekunde, inakuwa na fremu 4,320. Mchoro mmoja unaweza kukaa fremu mbili bila jicho kugundua, hivyo anayechora kwa mkono huhitaji michoro 12 kwa sekunde, yaani zaidi ya 2,000 kwa filamu nzima, na hapo ni mhusika mmoja tu aliyehesabiwa. Ndiyo maana watu wawili wakikaa kupanga kazi kama hii mara nyingi huangukia njia ya karagosi: mhusika huchorwa vipande vipande, kichwa, kiwiliwili, mikono, miguu, kisha vipande huunganishwa kwenye viungo ndani ya kompyuta na kuchezeshwa. OpenToonz na Blender, programu za bure zote mbili, zinaimudu kazi hiyo, kwa hiyo bajeti haianzi na gharama ya leseni.

Inaanza na muda. Katika kazi ya namna hii gharama kubwa ni siku za watu, na bajeti iliyoandikwa kabla ya ratiba ni kubahatisha tu. Ratiba nayo haitoki kwenye tarehe ya tamasha au matumaini ya wahusika. Inatoka kwenye swali moja: mtu huyu, kwa kompyuta hii na karagosi hawa, anamaliza sekunde ngapi kwa siku?

Tuchukue filamu ya mfano. Bibi anauza vitumbua barazani Dar es Salaam, na kunguru amekusudia kumwibia. Mwenye mkono mzuri wa wahusika atatengeneza karagosi na kuongoza uhuishaji. Mwenzake ataandika, atachora mandhari, atahariri sauti, na atahuisha pia. Kila mmoja ana siku nne kwa wiki, maana siku zilizobaki ni za kazi zinazolipa kodi ya nyumba. Kuandika siku saba hapa ni kujidanganya.

Wiki mbili za kwanza zinakwenda kwenye hadithi na storibodi, na ya tatu kwenye animatiki. Hii ni michoro ya storibodi iliyopangwa kwenye muda wake halisi, pamoja na sauti za muda ambazo wawili hao wamejirekodia kwa simu. Animatiki ndiyo filamu ya kwanza kutazamika, mbaya kwa sura lakini kamili kwa urefu, na ndiyo mahali pa bei rahisi pa kubadili mawazo. Shoti ikifupishwa hapa hugharimu dakika kumi. Ikifupishwa baada ya kuhuishwa, siku tatu za mtu zimekwenda na maji. Ikishakubaliwa, inafungwa. Katika mfano huu imetoa shoti 40 zenye sekunde 160. Sekunde 20 zilizobaki ni za jina la filamu na majina ya mwisho, ambazo waandaaji wapya huzisahau, kisha filamu ya dakika tatu ikawa ya tatu na nusu.

Wiki ya nne ni ya majaribio, na ndiyo wiki ambayo wengi huiruka. Karagosi wa bibi anatengenezwa harakaharaka, kisha zinahuishwa shoti tatu hadi mwisho kabisa: nyepesi, ya wastani na nzito. Nyepesi ni ile ambayo bibi ameketi, anapepesa macho na kusema neno. Wastani ni anapogeuza vitumbua kwenye chuma. Nzito ni mwili mzima kutembea, watu wawili kugusana, kitu kubadili mikono, au kundi. Saa zinapimwa tangu faili kufunguliwa hadi mwenzake aseme imekubalika, pamoja na marekebisho. Anayepima uchoraji peke yake, bila kurudiarudia, atapata kasi ya kupendeza isiyomfaa kitu.

Tuseme majaribio yametoa sekunde nane kwa siku kwa shoti nyepesi, nne kwa wastani, na sekunde moja na robo kwa nzito. Sasa shoti zote 40 zinawekewa alama kwenye jedwali. Nyepesi zimefika sekunde 60: siku saba na nusu. Wastani sekunde 75: siku 19 hivi. Nzito ni shoti sita tu, sekunde 25, lakini zinakula siku 20. Yaani sehemu ndogo kuliko zote ya filamu ndiyo inayotaka muda mwingi kuliko zote, na hapo ndipo ratiba inapopatikana au kupotea.

Jumla ni siku 46 za mtu, na kwa kuwa shoti hurudiwa hata baada ya kukubaliwa, huongezwa moja ya tano: siku 55.

Kabla ya kulikubali jibu hilo, shoti nzito zinaitwa moja moja na kuulizwa zinafanya nini. Mbili kati yake, sekunde nane kwa pamoja, zinaonyesha kundi la kunguru likimshukia bibi naye akikimbia na beseni. Kwa kasi iliyopimwa, hizo ni zaidi ya siku sita. Zinaweza kuandikwa upya hivi: uso wa bibi peke yake, kivuli kinapita juu ya shavu, mlio wa mbawa unajaa masikioni, kisha beseni tupu linazunguka chini. Kundi halionekani, mtazamaji analisikia, na kazi imekuwa ya siku moja. Huenda tukio likawa bora zaidi. Lakini shoti ambayo kunguru ananyakua kitumbua mkononi mwa bibi haiguswi, kwa sababu filamu nzima imejengwa juu yake. Ikibanwa ili kuokoa siku tatu, hakuna filamu. Mfano wetu utabaki na siku 55, na zile zilizookolewa zitawekwa kwenye shoti hiyo moja.

Wiki ya tano hadi ya tisa wawili hao wanafanya kazi sambamba. Mmoja anatengeneza karagosi watano: bibi wa mbele, wa ubavu na wa robo tatu, pamoja na kunguru wawili, anayetua na anayeruka. Mwenzake anachora mandhari 12, si 40, maana shoti nyingi hurudi barazani palepale. Kila upande unataka siku 18 hivi, na siku mbili za ziada zinatosha kumrekodi mwigizaji wa sauti ya bibi. Sauti yake lazima iwepo kabla ya uhuishaji, kwa kuwa midomo hufuata maneno. Maneno hayafuati midomo.

Uhuishaji unaanza wiki ya kumi. Wa kwanza anatoa siku zake zote nne, wa pili tatu, ya nne akiitumia kuunganisha shoti zilizokamilika na mandhari yake. Siku saba kwa wiki zinazimaliza zile 55 katika wiki nane, mwisho wa wiki ya 17.

Kosa linalojificha katika wiki hizi ni kuanza na shoti nyepesi. Wiki mbili za kwanza zinatoa sekunde tele, moyo unafurahi, kisha nzito zote zinabaki mwishoni watu wakiwa wamechoka. Dawa yake ni kuzichanganya tangu mwanzo, na kupima maendeleo kwa siku zilizokadiriwa badala ya sekunde. Shoti nzito ya sekunde tano ikikubaliwa, jedwali linaandika siku nne zimelipwa. Ikiwa imekamilika "kwa asilimia tisini," linaandika sifuri. Wiki ya 13 ikiisha, nusu ya siku zinapaswa kuwa zimelipwa. Ikiwa ni theluthi tu, kasi halisi ni ndogo kuliko iliyopimwa, na kilichobaki ni kurudi kwenye orodha ya shoti nzito na kalamu nyekundu. Kukesha hakuleti theluthi nyingine.

Wiki ya 18 na 19 ni za kuchanganya sauti, kusawazisha rangi na kutoa fremu za mwisho, kazi inayoitwa kurenda. Fremu moja ya karagosi ikichukua sekunde 20, fremu 4,320 zinachukua saa 24 kamili. Fremu ya pande tatu ikichukua dakika tano, hesabu inaruka hadi siku 15 mchana na usiku. Kwa vyovyote, filamu hurendwa kama picha moja moja za PNG na si faili moja la video: umeme ukikatika saa nane za usiku, inapotea fremu moja badala ya usiku mzima. Baada ya hapo zinawekwa wiki tatu za akiba, ambazo haziandikiwi kazi yoyote. Jumla ni wiki 22.

Sasa bajeti inajiandika. Wiki 22, siku nne, watu wawili: siku 176 za mtu. Zikithaminiwa kwa shilingi 40,000 kila moja, ni 7,040,000. Kompyuta mbili zilizonunuliwa 2,400,000 kila moja, zikitegemewa kuishi miaka mitatu, zinapoteza kama 667,000 katika miezi mitano hiyo. Hizi ni fedha zisizotoka mfukoni, lakini zinaandikwa kwenye safu yake. Mfadhili anayeziona anajua wawili hao wamechangia nini.

Safu ya pili ni ya fedha taslimu. Kwa bei za mfano, mwigizaji wa sauti na kurekodi ni 300,000, muziki wa kutungwa 500,000, umeme na bando 550,000. Nauli na chakula cha siku 88 za kazi ni 880,000, kifungu ambacho kwenye bajeti nyingi hakipo kabisa ingawa ndicho kinachomaliza fedha kimyakimya. Diski mbili za nje zinachukua 400,000, kifaa cha kushikilia umeme 250,000, manukuu na ada za matamasha 200,000. Hiyo ni 3,080,000, na dharura ya asilimia kumi inaifikisha 3,388,000. Safu zote mbili kwa pamoja ni 11,095,000, au takriban shilingi 61,600 kwa kila sekunde ya filamu.

Fedha taslimu zikipatikana milioni mbili tu, kuna vifungu vya kugusa na vya kuacha. Ada za matamasha zinaweza kungoja. Muziki unaweza kupungua hadi ala moja na mpigaji mmoja, kwa ruhusa iliyoandikwa na kusainiwa, kuliko kuazima wimbo wa redioni ambao mwenye haki atakuja kuudai filamu ikishaonyeshwa. Sauti ya bibi inaweza kutoka kwa jirani anayeuza vitumbua kweli, naye alipwe. Nauli hupungua wawili hao wakifanya kazi majumbani na kukutana siku moja kwa wiki. Diski ya pili haipunguzwi: inakaa nyumba nyingine, na kila Ijumaa inapokea nakala ya shoti zote zilizokubaliwa wiki hiyo.