Mnafungua saluni na beshte wako? Andikeni haya kabla ya kununua kiti

Wewe ni msusi, beshte wako anatengeneza kucha. Mmechoka kuajiriwa, mmepata chumba Thika na landilodi anataka kodi na amana. Kabla hujatuma hata shilingi, kaeni chini muandike mkataba.

Mkinyamaza, Sheria ya Ubia ya 2012 itawajazia mapengo: faida na hasara mnagawana sawa, hata kama mmoja alileta pesa mara mbili ya mwenzake. Na deni la saluni ni lenu nyote. Mwenzako akikopa bidhaa za duka na zisilipwe, mwenye duka anaweza kukufuata wewe pia.

Tuanze na mtaji, maana hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Tuseme wewe unaleta Sh200,000 taslimu. Mwenzako ana Sh50,000 pamoja na meza ya kucha, taa ya kukaushia jeli na draya mbili. Vyombo hivyo alivinunua Sh90,000, lakini hiyo ilikuwa miaka miwili iliyopita. Ulizeni bei ya mitumba, mkubaliane. Tuseme ni Sh50,000. Basi yeye ameweka Sh100,000, wewe Sh200,000, na mtaji wote ni Sh300,000. Theluthi mbili ni zako, theluthi moja ni yake.

Orodhesheni kila chombo, hali yake na bei mliyokubaliana. Kisha semeni wazi: sasa ni mali ya saluni, au bado ni chake na saluni imeazima tu? Wengi huruka swali hili, halafu siku ya kuachana mtu anabeba draya usiku.

Sasa kazi. Mtaji ni kitu kimoja, jasho ni kingine, usivichanganye. Njia rahisi ni kila mmoja achukue kwanza malipo ya mkono, tuseme asilimia 40 ya kazi aliyofanya mwenyewe. Mwezi huu wewe umesuka za Sh80,000, yeye kucha zimeingiza Sh100,000. Wewe unachukua Sh32,000, yeye Sh40,000. Zinabaki Sh108,000. Ondoa kodi, bidhaa, stima, maji na mshahara wa msaidizi, tuseme Sh78,000. Faida ni Sh30,000, na hii ndiyo mnayogawa kwa mtaji: wewe Sh20,000, yeye Sh10,000. Mwishowe una Sh52,000, yeye Sh50,000.

Bila malipo ya mkono, mkigawa zile Sh102,000 zilizobaki baada ya gharama kwa mtaji peke yake, wewe ungebeba Sh68,000 naye Sh34,000, ilhali yeye ndiye aliyeingiza pesa nyingi. Miezi mitatu hivi na atakuwa anahudumia wateja nyumbani kwao kisirisiri. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Andikeni pia nani anafungua asubuhi, nani ananunua bidhaa, nani anaandika kitabu. Bidhaa za mkopo zinazozidi Sh5,000, nyote mkubali kwanza. Pesa za Lipa na M-Pesa ziingie katika akaunti ya biashara inayohitaji sahihi zenu wawili, si simu ya mmoja. Mkataba wa chumba nao uwe na majina yote mawili. Ukiwa na jina moja tu, mwenye jina ndiye mwenye saluni siku mkikosana.

Kuachana ndiko watu huona haya kuongelea. Wekeni notisi, tuseme siku 60, na njia ya kuhesabu. Mfano, baada ya mwaka na nusu mwenzako anahamia Mombasa. Vyombo vyote vikiuzwa leo vinafika Sh150,000, amana kwa landilodi ni Sh60,000, benki kuna Sh30,000, na muuza bidhaa anawadai Sh30,000. Inabaki Sh210,000. Theluthi yake ni Sh70,000. Huna pesa hizo kwa mpigo, kwa hivyo mkataba useme: Sh25,000 siku ya kuondoka, halafu Sh15,000 kila mwezi kwa miezi mitatu.

Anayeondoka asitoweke kimya. Wauza bidhaa na landilodi waambiwe kwa maandishi, na jina lake libadilishwe katika usajili wa biashara kupitia eCitizen. Madeni ya wakati wake bado yanamhusu, ila hayo mapya hataki yamfuate.

Mnaweza kukubaliana asifungue saluni mtaa huo huo kwa miezi sita. Msiandike miaka kumi au kaunti nzima, kwa sababu korti inaweza kulitupa sharti lisilo na kadiri. Mpelekeeni wakili alisome kabla ya kutia sahihi, kila ukurasa, mbele ya shahidi.

Usisahau simu ya saluni na ukurasa wa Instagram. Nambari za wateja na picha za kucha ziko humo, kwa hivyo andikeni nani atabaki na nywila.