Tanga Ipo kwenye Orodha, Excel Haiioni

Chukua duka la jumla la vitenge pale Kariakoo linalotuma marobota mikoani. Karani ana karatasi mbili ndani ya faili moja la Excel: ya oda, anayoiandika kwa mkono wake, na ya nauli za mizigo, aliyoinakili kutoka kwenye tovuti ya msafirishaji. Fomula inachukua jina la mji kwenye oda, inalitafuta kwenye karatasi ya nauli, kisha inaleta bei yake:

```
=IFERROR(VLOOKUP(B2,Nauli!A:B,2,FALSE),0)
```

Tuseme nauli ya Tanga ni shilingi 15,000 kwa robota, na yamekwenda marobota 20. Mteja alipaswa kulipishwa shilingi 300,000 za usafiri. Fomula ikaleta 0, ankara ikatoka bila nauli, na gharama ikaliangukia duka. Tanga ipo kwenye orodha, imeandikwa sawasawa, kila mtu anaiona.

Kwa kompyuta, nafasi nayo ni herufi. "Tanga" ina herufi tano, lakini "Tanga" yenye nafasi mwishoni ina sita, kwa hiyo ni maneno mawili tofauti. VLOOKUP ikikosa neno hutoa alama ya #N/A, na hiyo ingemshtua karani. Hapa IFERROR imeifunika na kuweka sifuri mahali pake. Naiona hiyo kuwa kosa kubwa kuliko nafasi yenyewe, kwa sababu nauli ya 0 inafanana na nauli halali. Afadhali kosa lionekane:

```
=IFNA(VLOOKUP(B2,Nauli!A:B,2,FALSE),"HAIPO")
```

Wengi wakishagundua nafasi hukimbilia TRIM, inayofuta nafasi za mwanzoni na mwishoni na kubakiza moja tu kati ya maneno. Ni dawa nzuri kwa nafasi inayotokana na kibonyezo kirefu cha kibodi, ambayo namba yake ni 32. Lakini orodha hii imetoka kwenye tovuti. Watengenezaji wa tovuti hutumia nafasi ya aina nyingine, namba 160, ili maneno mawili yasitenganishwe mstari unapoisha. Ukinakili jedwali, mara nyingi nafasi hiyo huja nalo. Kwa macho haina tofauti na ile ya kawaida, na TRIM haiigusi. CLEAN nayo haisaidii, kwani kazi yake ni kufuta herufi za namba 0 hadi 31.

Ili kuijua, hesabu herufi kwanza, kisha uliza namba ya herufi ya mwisho:

```
=LEN(A2)
=UNICODE(RIGHT(A2,1))
```

Kwenye seli ya Tanga ya kwanza italeta 6, ya pili italeta 160. Usiishie kwenye kuhesabu, lakini. Mji wa Mto wa Mbu, kule Arusha, una herufi 10 pamoja na nafasi zake mbili. Nafasi hizo zikiwa za namba 160, LEN italeta 10 vilevile, na bado jina halitalingana na lile aliloandika karani. Hapo chungulia katikati, kwenye herufi ya nne:

```
=UNICODE(MID(A2,4,1))
```

Mji huo ndio unaoonyesha pia namna ya kusafisha. Ukiifuta tu namba 160, utabaki na "MtowaMbu". Igeuze kwanza iwe nafasi ya kawaida, halafu uiachie TRIM imalize:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(A2,UNICHAR(160)," "))
```

Iandike kwenye safu mpya pembeni, iburute hadi chini, nakili matokeo, kisha yabandike juu ya majina ya zamani kama thamani tupu, si kama fomula. Fanya hivyo kwa karatasi zote mbili, maana karani naye huacha nafasi mwishoni mwa neno bila kujua. Jina likigoma bado, huenda kuna herufi ya namba 8203, ambayo haina upana wowote. Hiyo haishiki nafasi ya kitu, kwa hiyo weka "" badala ya " " ukiifuta.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni kwenye SUMIF. Ukiiagiza ijumlishe marobota ya Tanga, yale yaliyoandikwa kwa nafasi ya ziada itayaruka, na hakuna #N/A itakayotokea. Jibu litakuwa dogo kuliko ukweli, basi. Kwa hiyo chini ya muhtasari wa miji weka mstari mmoja unaotoa jumla ya miji yote kutoka kwenye SUM ya safu nzima ya oda. Tofauti ikiwa 4, kuna marobota manne ambayo mji wake haujasomwa.