Je, ni kweli chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi inamfanya msichana asizae?

Baadhi ya mama wanaokuja kliniki yetu wameuliza swali hili, wengine kwa sauti ya chini, wengine baada ya kupokea ujumbe wa sauti kwenye simu. Ujumbe unasema kwamba sindano wanayochomwa wasichana shuleni inafunga kizazi. Jibu ni hapana. Lakini mtoto ni wako, na una haki ya kujua kwa nini tunasema hapana.

Chanjo hii kwenye kadi huandikwa HPV, jina la kirusi kinachosababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Tanzania Bara ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Mwaka 2024 utaratibu ulibadilika: dozi moja tu, na kampeni ya mwaka huo iliwafikia wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Ndani ya sindano kuna nini?

Kirusi ni kama punje yenye ganda. Ndani ya ganda ndimo mna kile kinachokiwezesha kuzaliana na kuleta ugonjwa. Chanjo hii imetengenezwa kwa kuiga ganda peke yake, likiwa tupu. Haina kirusi hai, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza mtoto. Pamoja na ganda hilo kuna chumvi kidogo ya aluminiamu inayousaidia mwili kuitikia vizuri, kama ilivyo kwenye chanjo ya pepopunda. Haina homoni wala dawa ya kupanga uzazi.

Mtoto hupewa nusu mililita kwenye msuli wa juu ya mkono. Kinga ya mwili hulitambua ganda lile na kujifunza kulizuia. Hakuna sehemu ya kazi hiyo inayogusa mayai, mirija au mfuko wa uzazi.

Kwa nini wasichana tu, tena wadogo hivyo?

Hapa ndipo wasiwasi wa wengi unapoanzia, na ni swali la haki. Wasichana wanatangulizwa kwa sababu wao ndio wenye mlango wa kizazi, na saratani hiyo huua wanawake wengi hapa kwetu. Ziko nchi zinazowachanja wavulana pia, kwa kuwa kirusi hiki huleta saratani nyingine kwa wanaume.

Umri mdogo una sababu mbili. Kirusi huambukizwa kwa kujamiiana, na chanjo haitibu maambukizi yaliyokwisha kuingia, kwa hiyo lazima itangulie. Pili, mwili wa mtoto wa umri huu huitikia chanjo kwa nguvu kuliko wa mtu mzima. Ndiyo maana dozi moja inatosha. Sehemu ya ushahidi huo imetoka hapa nchini: utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 ulionyesha kwamba kinga iliyopatikana kwa dozi moja inadumu. Kumpa chanjo binti wa miaka 10 si kumwambia aanze mapenzi, kama vile kumfundisha kuogelea si kumtuma baharini.

Waliochanjwa zamani wamezaa?

Ndiyo. Jirani zetu wa Rwanda walianza kuchanja wasichana nchi nzima mwaka 2011. Australia walianza mwaka 2007. Msichana aliyekuwa na miaka 12 wakati ule sasa ni mtu mzima, na wengi wa rika lake ni mama. Chanjo hii imetolewa kwa mamilioni ya wasichana, na tafiti zilizolinganisha waliochanjwa na wasiochanjwa hazijaona kwamba inapunguza uwezo wa kuzaa.

“Mbona mwanangu hajaona siku zake tangu achomwe?”

Mama mmoja alituletea binti wa miaka 12 akiwa na hofu kubwa. Mtoto alivunja ungo mwezi Januari, akaona damu tena Februari, akachanjwa Aprili, kisha mpaka katikati ya Mei alikuwa hajaona kitu. Jirani alishamwambia, “Si ulisikia?”

Muuguzi hakumwambia mama aache maneno ya mtaani. Alichukua kalenda wakahesabu pamoja. Damu ya mwisho ilikuwa mwishoni mwa Februari. Maana yake, siku ya chanjo mwezi Machi ulikuwa umeshapita bila hedhi. Pengo lilianza kabla ya sindano. Katika miaka miwili ya kwanza baada ya kuvunja ungo, mayai hayakomai kila mwezi kwa mpangilio, hivyo siku 45 kati ya hedhi na hedhi ni kawaida, na mara nyingine huwa zaidi. Kwa kuwa wasichana huchanjwa katika umri uleule wa hedhi kuyumba, ni rahisi moja kulaumiwa kwa ajili ya nyingine. Binti yule aliona siku zake mwanzoni mwa Juni.

Mlete kituoni kama hajaona hedhi kwa miezi mitatu, au kama amefika miaka 15 bila kuvunja ungo. Mambo hayo yanahitaji kuangaliwa, awe amechanjwa au la.

Madhara ya kweli ni yapi?

Mkono huuma na unaweza kuvimba kidogo. Wengine hupata homa ndogo, maumivu ya kichwa au uchovu, na huisha ndani ya siku chache. Wapo wanaozimia, mara nyingi kwa sababu ya kuogopa sindano, na mmoja akianguka darasani wengine hufuata. Ndiyo maana tunamtaka mtoto awe amekula na akae chini dakika 15 baada ya kuchomwa. Mzio mkali hutokea mara chache sana. Ukiona uso umevimba, vipele vya ghafla au kupumua kwa shida, mrudishe kituoni saa hiyohiyo.

Muuguzi akiuliza kama binti ni mjamzito, usitafsiri kwamba sindano inaharibu mimba. Mjamzito husubirishwa hadi ajifungue kwa tahadhari tu. Kama mwanao anaishi na VVU, mwambie muuguzi, kwa sababu anahitaji zaidi ya dozi moja.

Kinachofunga kizazi ni ugonjwa wenyewe

Saratani ya mlango wa kizazi ikigunduliwa imekwisha kusambaa, mara nyingi matibabu ni kuondoa mfuko wa uzazi au kupiga mionzi, na baada ya mionzi hiyo mayai huacha kufanya kazi. Mwanamke wa miaka 35 anaweza kupoteza uwezo wa kuzaa kwa namna hiyo, wakati mwingine na maisha yake. Chanjo inazuia sehemu kubwa ya saratani hizo, ila si zote. Kwa hiyo binti yako akifika miaka 30 bado atahitaji kupimwa, na wewe mwenyewe kama umefika umri huo, kipimo kinakuhusu sasa.

Chanjo hii hutolewa bure. Ukija, njoo na binti, kadi yake, na huo ujumbe wa simu kama bado unakusumbua. Tutausikiliza pamoja, neno kwa neno.