Sudoku kwa Lugha ya Kweli na Si Kweli

Programu ya kukagua kauli haijui sudoku. Inajua kweli na si kweli tu. Visanduku ni 81, na kila kimoja kinaweza kubeba tarakimu yoyote kati ya 9, hivyo tunapata kauli 729. Kauli ya 5 ni "kisanduku cha kwanza kina 5". Ya 14 ni "jirani yake wa kulia ana 5". Zote mbili haziwezi kuwa kweli, kwa hiyo tunaandika:

```
-5 -14 0
```

Alama ya kutoa hukanusha, sifuri hufunga sharti. Ukilisahau, 5 inaweza kujirudia mstarini.

Jibu likipatikana, ongeza sharti linalolikataa, kisha endesha tena. Programu ikisema haiwezekani, fumbo lina jibu moja tu.