Biashara ya kando: Mweleze wakala wa ajira kabla ya kutia sahihi

WENGI wanaotafuta kazi za ofisi huwa tayari na shughuli nyingine inayowapa riziki, na hawakusudii kuiacha. Kinachowatatiza ni wakati wa kumweleza wakala wa ajira, na maneno ya kutumia.

Wakati ufaao ni baada ya kampuni kuonyesha nia ya kukuajiri, lakini kabla ya kutia sahihi mkataba. Ukiitaja biashara hiyo katika barua ya maombi, huenda ukadhaniwa unasaka mshahara wa kuendeshea mradi wako. Hata hivyo, ukiulizwa waziwazi katika fomu au mahojiano, jibu kwa ukweli papo hapo.

Kunyamaza hadi uanze kazi kuna hatari. Mikataba mingi ina kifungu kinachomtaka mwajiriwa kutofanya kazi nyingine bila idhini ya maandishi. Aidha, chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, mtu aliye katika muda wa majaribio anaweza kuachishwa kazi kwa notisi ya siku 7 tu.

Chukua mfano wa mhasibu anayetarajia kuajiriwa na kiwanda jijini Nairobi, naye huwaandalia wenye maduka 6 ripoti zao za kodi. Mwajiri atataka kujua mambo matatu: iwapo wateja hao ni washindani au wauzaji wa kiwanda, saa zitakazotumika, na vifaa vitakavyotumika. Basi na amwandikie wakala hivi: "Nina wateja 6 wenye maduka ya rejareja, na hakuna anayefanya biashara na kampuni hii. Huwahudumia Jumamosi alasiri, kwa kompyuta yangu. Naomba idhini ya kuendelea iandikwe katika mkataba."

Asifiche pia mahali panapobana. Ripoti za kodi za kila mwaka huwasilishwa kufikia Juni 30, kwa hivyo mwezi huo wateja wote humjia kwa pamoja. Ni heri aseme mapema kwamba ataomba siku 2 za likizo wakati huo, kuliko kuonekana akisinzia kazini.

Jibu la wakala la "hakuna shida" kwa simu halitoshi. Wakala hulipwa na mwajiri, na pengine hata hajamfikishia habari hizo. Idhini yenye uzito ni ile iliyo katika mkataba wenyewe, au katika barua ya mwajiri inayoutaja mkataba huo. Mkataba ukija na kifungu kile kile bila idhini, urudishe ukaombe kirekebishwe kabla ya kutia sahihi.

Kuna nyadhifa ambazo mazungumzo haya hayana nafasi. Kifungu cha 77 cha Katiba ya 2010 kinawazuia maafisa wa serikali wa kudumu, kama vile majaji na mawaziri, kufanya kazi nyingine yoyote ya malipo.