Mteja Hakusema "Haraka"

Sisi tunaosomea ualimu wa Kiswahili tumefundishwa ufupisho hadi umetukaa kichwani: soma habari, tafuta hoja kuu, andika upya kwa maneno yako mwenyewe. Likizo iliyopita ufupisho huo huo ulinitia aibu.

Shangazi yangu anashona sare za shule. Nilikuwa namtengenezea tovuti, akanipa simu yake nichukue maoni ya wateja. Mama mmoja alikuwa ameandika hivi:

"Asalaam aleikum dada. Nilileta oda ya wanangu watatu wiki ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, na kusema kweli nilikuwa na wasiwasi, maana fundi wa mwaka jana alinitia hasara. Mlisema Ijumaa, nikapata Jumapili, hapo mliniudhi. Lakini sare zenyewe, mashaallah. Mpaka sasa ni mwezi wa saba, mdogo anapanda miti kila siku na magoti ya suruali hayajachanika. Mwaka jana suruali mbili zilikwisha kabla ya mwezi wa nne. Msalimie mama."

Nafasi kwenye ukurasa ilitosha maneno kama 30. Nikafanya kama darasani: "Sare bora, huduma ya haraka. Nawapendekeza kwa kila mzazi!" Nikamtumia aone. Akajibu: "Haraka? Mimi nilisema haraka?"

Alikuwa sahihi. Alama za kunukuu ni ahadi kwamba maneno yaliyo ndani yametoka kinywani mwa mtu huyo. Kwa hiyo hapa kanuni ya darasani inageuka: unaruhusiwa kukata, huruhusiwi kuandika upya. Na hebu soma tena sentensi yangu. Ukiipeleka kwa muuza sofa, ukabadilisha neno "sare" tu, inamfaa vilevile. Ndiyo maana haiaminiki. Msomaji anaamini kile ambacho mtu mwingine asingeweza kukibuni, na hapa ni yale magoti ya suruali na ile miti.

Basi nikaanza upya. Kwanza nilipigia mstari vitu vinavyoonekana kwa macho: Ijumaa na Jumapili, mwezi wa saba, miti, magoti. Kisha nikaondoa salamu na habari za fundi mwingine, ambaye hayupo kujitetea. Nikapata hii:

"Nilikuwa na wasiwasi … Lakini sare zenyewe, mashaallah. Mpaka sasa ni mwezi wa saba, mdogo anapanda miti kila siku na magoti ya suruali hayajachanika."

Kila neno ni lake, na nukta tatu zinaonyesha mahali nilipokata. Shangazi aliipenda sana. Lakini bado ni uongo, na huu ni mgumu zaidi kuuona. Angalia neno "lakini". Kwa yule mama, lilikuwa linajibu kuchelewa kwa siku mbili. Mimi nimelihamisha, sasa linajibu wasiwasi wake. Lawama imeyeyuka ndani ya nukta tatu. Tangu hapo, kila nikikata hurudi kwenye maneno kama "lakini", "ila", "kwa hiyo" na "ndiyo maana", nikajiuliza: hili bado limeshikana na kile alicholishikanisha yeye?

Toleo la mwisho lilikuwa hili:

"Mlisema Ijumaa, nikapata Jumapili, hapo mliniudhi. Lakini sare zenyewe, mashaallah. Mpaka sasa ni mwezi wa saba, [mwanangu] mdogo anapanda miti kila siku na magoti ya suruali hayajachanika."

Mabano ya mraba yanaonyesha kwamba neno hilo nimeliongeza mimi, maana asiyemjua mama huyu asingeelewa "mdogo" ni nani. Nukta hazihitajiki tena, kwa sababu sentensi hizo zilifuatana hivyo hivyo tangu mwanzo. Na "mashaallah" sikuigusa. Ukiibadilisha kuwa "nzuri sana" unamfuta mwenye sauti.

Shangazi alikunja uso. "Yaani tujitangaze kwamba tunachelewa?" Nikamwambia kama hataki lawama ionekane, basi tusiitumie nukuu hii kabisa, tuchukue ya mteja ambaye hakulaumu. Kuitumia nusu nusu haiwezekani. Alinyamaza, kisha akasema tumtumie mwenyewe aamue.

Hatua hii usiiruke hata ukijiamini vipi. Nilimtumia maneno yale yale yatakayoonekana, pamoja na namna atakavyotajwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na jina la mtu ni taarifa yake. Alikataa jina, akakubali "Mama wa watoto watatu". Kuhusu nukuu akaandika: "Hapo sawa, huyo ni mimi."

Iko kwenye tovuti mpaka leo. Chini yake shangazi ameongeza mstari wake mwenyewe, nje ya alama za kunukuu: oda za mwezi wa kwanza zipokelewe mwisho tarehe 15 Desemba.